Barua ya wazi kwa mmiliki na mfamasia msimamizi: dawa za mteja sio habari za foleni

Kwa Ndugu Mmiliki na Ndugu Mfamasia Msimamizi,
Famasi ya karibu na stendi ya daladala,
Mbagala, Dar es Salaam.

YAH: SIRI ZA WAGONJWA KUTOKEA KWENYE KAUNTA YENU

Salaam ndugu zangu.

Mimi ni muuguzi wa zahanati hapa hapa mtaani na ni mteja wenu wa siku nyingi. Wagonjwa wengi tunaowaandikia dawa ambazo kwetu zimeisha wanakuja kwenu, kwa sababu mpo karibu, mnafungua mpaka usiku na dawa zenu ni nzima, hilo siwanyimi. Nimeongea na vijana wenu wa kaunta kwa upole, nikaambiwa "tutajitahidi sista". Nikamtumia mmiliki meseji, ikasomwa ikaishia hapo. Sasa naandika hadharani. Jina la famasi sitaji, maana nia yangu sio kuwafungia biashara, ila wenyewe mtajijua na majirani wa stendi watajua.

Nianze na kilichotokea. Mhusika kaniruhusu nikieleze, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha asitambulike.

Ni binti aliyeolewa hivi karibuni, anaishi kwa wakwe. Alikuwa ametoka kumaliza dozi ya antibaotiki ya kifua, akaanza kuwashwa sehemu za siri na kutoka uchafu mweupe mzito. Ni fangasi, kitu cha kawaida kabisa baada ya antibaotiki, maana dawa ile inaua na wale bakteria wazuri wanaowazuia fangasi wasizidi, na tatizo hili linawapata sana pia wajawazito na wenye kisukari. Aliandikiwa klotrimazoli, vidonge vya kuweka ukeni, kimoja kila usiku kwa siku 6. Akaja kwenu jioni, ule muda watu wanashuka kwenye daladala, foleni imefika nje mpaka kwa muuza matunda. Kijana wenu akasoma karatasi, akachukua boksi, akalinyanyua juu na kusema kwa sauti ya kushinda ile ya makonda, "Dada hivi havimezwi, ni vya kuingiza ukeni usiku, na una mimba wewe?" Watu wakageuka. Binti akaitikia hapana, akalipa, akaondoka bila kuuliza chochote.

Kwenye ile foleni alikuwepo jirani wa wakwe zake. Kesho yake wifi mtu akaja kwenu kununua panado, akauliza juu juu, "Wifi yangu jana alichukua dawa gani, mbona hajisikii vizuri?" Akajibiwa, "Alichukua za fangasi za ukeni, mwambie azimalize." Kufika nyumbani habari ikawa bibi harusi kaleta ugonjwa wa zinaa. Binti akavitupa vidonge vilivyobaki ili visionekane, tatizo likarudi kwa nguvu, na kwa muda akarudishwa kwao. Alipokuja kwangu mara ya pili alikuwa analia hata kabla hajakaa.

Naomba mnielewe vizuri hapa. Kijana wenu alichosema dirishani kilikuwa sahihi kitaalamu. Watu wanavimeza kweli vile vidonge, kwa hiyo lazima waambiwe. Na swali la mimba ni la lazima, kwa sababu mjamzito anashauriwa asitumie kile kifaa cha plastiki cha kusukumia, aweke kwa kidole taratibu baada ya kunawa mikono. Tena yapo mengine ambayo hakuambiwa kabisa, kwamba aweke akiwa amelala, kwamba asiache hata muwasho ukiisha siku ya pili, na kwamba hiyo dawa inaweza kuharibu mpira wa kondomu. Yani alipewa aibu yote ya ushauri na ushauri wenyewe hakuupata. Na hata kama ingekuwa ni kisonono au kaswende kweli, wifi bado hakuwa na haki ya kuambiwa.

Baada ya hapo haya ndo malalamiko yangu.

1. Maswali ya mwilini yanaulizwa kwa sauti mbele ya watu.

Najua famasi yenu ni ndogo, ni fremu moja, kaunta, shelfu, na mlango unaoangalia barabara. Hamna chumba cha ushauri na sitegemei mjenge. Lakini siri ya mteja kwenye fremu ndogo inalindwa na mpangilio na sauti, chumba sio lazima. Mteja wa pili akisimama hatua mbili nyuma, mkapiga mstari wa rangi sakafuni na karatasi inayosema "subiri hapa", tayari maneno ya chini hayafiki. Pale mwisho wa kaunta upande wa friji, panapowekwa maboksi ya maji, mkiyatoa hayo maboksi na kuweka stuli mmepata kona. Pazia linazuia macho tu, sauti linapitisha, kwa hiyo msilitegemee peke yake. Redio ndogo upande wa foleni inasaidia zaidi ya pazia.

Halafu kuna namna ya kuuliza. Badala ya "unaumwa nini?" ambalo linamlazimisha mtu atamke ugonjwa wake mbele ya majirani, muulizaji anaweza kuonyesha maandishi na mteja akajibu ndio au hapana. Nashauri kadi moja ngumu iliyopigwa plastiki, inayowekwa chini ya usawa wa kaunta, imeandikwa kwa Kiswahili mistari michache: nina mimba au nahisi ninayo, nanyonyesha, natumia dawa za kifafa, natumia dawa za TB, natumia dawa za VVU, nina presha au sukari, dawa fulani inanidhuru, nataka kuongea pembeni. Mteja anaweka kidole. Msiweke namba kwenye hiyo mistari kwa sababu wiki moja tu mtaa mzima utajua namba 5 ni nini.

Mtaniuliza kwa nini nasisitiza hiyo kadi. Chukueni P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba mnayoiuza kila siku, hasa Jumatatu asubuhi. Inatakiwa imezwe ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kadiri mtu anavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Lakini mwanamke anayetumia rifampisini ya TB, au efavirenzi ya VVU, au karbamazepini ya kifafa, hizo dawa zinafanya ini liivunje P2 haraka na haimlindi kama inavyotakiwa, anahitaji ushauri tofauti, pengine kuelekezwa hospitali akawekewe kitanzi. Sasa nani atajibu "ndio natumia za VVU" mbele ya foleni ya stendi? Kwa hiyo vijana wenu hawaulizi kabisa, wanatoa dawa na chenji, basi. Mteja anaondoka anaamini amejikinga. Huko ndiko kukosekana kwa siri kunageuka kuwa matibabu mabovu, sio suala la adabu peke yake.

2. Ndugu wakiuliza wanajibiwa.

Hili ndo limeniuma kuliko yote. Wifi hakutishia mtu wala hakutoa hela, aliuliza tu kwa sauti ya kujali, na karibu wote wanaouliza wanakuja hivyo hivyo. Mama anataka kujua binti yake wa chuo amenunua nini, mume anataka kujua mke anatumia vidonge vya uzazi wa mpango au la, kaka mtu ana wasiwasi na mdogo wake. Wengine wana nia njema kabisa. Nia yao haibadilishi kitu, maana mwenye taarifa ni yule aliyechukua dawa.

Jibu liwe moja, na kila mfanyakazi alijue kwa moyo, hata yule anayekuja kushika zamu ya Jumapili: "Dawa za mteja mwingine hatuzizungumzii, hata kwa ndugu. Ukitaka kujua muulize mwenyewe, au njooni wote wawili." Liseme kwa upole, usiongeze kitu. Na hapa kuna mtego ambao hata wazoefu wanauingia. Kama kwa mtu ambaye hakuja mnasema "hapana hajafika hapa", halafu kwa aliyekuja mnasema "haturuhusiwi kusema", basi mmeshasema, muulizaji amejua kwamba alikuja na amechukua kitu cha kuficha. Jibu liwe lile lile iwe alikuja iwe hakuja. Na uso usibadilike, kile kicheko cha chini na kuangaliana wenyewe kwa wenyewe watu wanakisoma.

Kuna njia nyingine ya kuuliza ambayo imeshika kasi, mtu anakuja na kidonge kimoja kwenye kiganja, au kipande cha pakiti alichokikuta kwenye mkoba au mfukoni kwa mwenzake, anauliza "hiki ni cha nini?" Nimeshuhudia kwa macho yangu kijana wenu akijibu papo hapo "hiki ni cha magonjwa ya zinaa". Kilikuwa doksi. Ndugu zangu, doksi inatibu klamidia, ndio, lakini inatumika pia kwa chunusi sugu, kwa maambukizi ya kifua, na kuna wasafiri wanaopewa kuzuia malaria. Flajili ni ya amiba, ya jipu la fizi na ya maambukizi ukeni. Asaiklovia inatolewa kwa mkanda wa jeshi na tetekuwanga, sio malengelenge ya sehemu za siri tu. Amitriptilini anaandikiwa mwenye sonona na anaandikiwa mwenye maumivu ya mishipa ya fahamu kwa kisukari. Hata tenofovia, ambayo mtaani wakiiona wanasema huyu ana VVU, inatumika kutibu homa ya ini B, na ikiwa imechanganywa na emtrisitabini anaweza kuwa anameza mtu ambaye hana VVU kabisa, anajikinga asipate. Kidonge hakisemi mtu anaumwa nini. Anayejua ni aliyeandika na aliyeandikiwa, kwa hiyo kijana wenu akitaja ugonjwa anabahatisha, na ndoa inavunjika kwa kubahatisha.

Cha kufanya ni kuuliza kwanza swali moja, "Kuna mtu amekimeza kwa bahati mbaya, au kuna mtu ana hali mbaya sasa hivi?" Kama jibu ni ndio, mtoto amekula, au mgonjwa amezimia na hivi vimekutwa pembeni yake, hapo siri inapisha uhai, taja dawa mara moja, sema hatari yake, waandikie jina lake kwenye karatasi waende nalo hospitali. Kama jibu ni hapana na kidonge ni cha mtu mzima mwingine, mrudishie kwa heshima, "mwenye dawa aje nayo tutamweleza". Hata kama mnaitambua dawa. Hata kama muulizaji ni mwenyekiti wa mtaa.

3. Aliyetumwa dawa anabebeshwa na habari.

Wengi wenu mnaona aliyetumwa ni sawa na mgonjwa mwenyewe. Sio sawa. Boda anatumwa, mtoto wa shule anatumwa, shemeji anatumwa. Aliyetumwa apewe mfuko uliofungwa kwa pini, na ndani karatasi iliyokunjwa yenye maelezo ya kumeza. Kwenye bahasha ya nje yaandikwe jina au herufi za jina na mara ngapi kwa siku, basi, sio "za UTI" wala "za uke" kwa kalamu nyekundu kama mnavyofanya sasa hivi. Maelezo ya zaidi apigiwe mgonjwa simu, na simu hiyo ipigwe kule ndani kwenye stoo, sio kaunta, na anayeipiga ahakikishe kwanza anaongea na mwenyewe kabla hajataja dawa.

Tofauti zipo na nazijua. Mzazi wa mtoto mdogo lazima aelezwe kila kitu. Anayemhudumia mzee ambaye hakumbuki dawa zake lazima ajue kipimo, saa, na dalili za hatari, kwa sababu yeye ndo mkono unaompa. Mzee asiyesikia vizuri atahitaji sauti kubwa, huyo msogezeni nje upande wa nyuma au mwandikieni. Lakini mume wa mtu mzima mwenye akili timamu haingii kwenye hizo tofauti kwa kuwa tu yeye ndo katoa hela. Na pale mwenza anapotakiwa atibiwe, mfano kwa kisonono, mgonjwa mwenyewe ndo anasaidiwa namna ya kumwambia na kumleta. Kaunta haimpigii mume.

4. Daftari na simu.

Nipite haraka. Daftari la vyeti vya dawa na la wadaiwa linakaa wazi juu ya kaunta, jina, namba ya simu na dawa, mtu akisubiri chenji anasoma. Na picha za vyeti mnazotumiana wasapu kuulizana bei au mwandiko, zinabaki kwenye simu binafsi za vijana ambao kesho wanaweza kuacha kazi. Daftari lifungwe na liwe chini, picha ikatwe jina kabla ya kutumwa na ifutwe baada ya kujibiwa.

Najua majibu yatakayokuja, mengine nimeshaambiwa usoni.

Kwamba foleni ni kubwa hamna muda. Kadi inachukua sekunde chache, na sio kila mteja anahitaji kona, anayenunua panado na dawa ya mbu anapita kawaida. Kwa saa moja mnakuwa na wachache tu wa kuwasogeza pembeni.

Kwamba wateja wenyewe ndo wanaongea kwa sauti. Ni kweli wapo. Mtu akiamua kutangaza ugonjwa wake ni haki yake, nyinyi mjibuni kwa sauti ya chini, mara nyingi na yeye atashusha.

Kwamba mkikataa kujibu ndugu watakasirika na kuhamia duka la jirani. Atakayehama ni muulizaji mmoja siku moja. Wanaohama kimya kimya ni wagonjwa, wapo kwenye zahanati yetu, wananiambia "sista usinielekeze pale". Kuna wanaopanda gari mpaka Kariakoo kununua kidonge ambacho nyinyi mnacho, na kuna wasiokwenda popote.

Kwamba vijana wa kaunta sio wafamasia. Ndo maana barua hii nimeiandika kwenu na sio kwao. Kijana anaiga anachokiona. Mfamasia msimamizi cheti chako kimetundikwa ukutani pale, na kwa maana hiyo kinachosemwa chini yake ni jukumu lako hata siku ambayo haupo.

Na sheria haijanyamaza. Katiba yetu ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inazitaka taarifa za hali ya VVU ya mtu ziwe siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na daftari lenu la kaunta limejaa hizo.

Ninachoomba ni hiki:

a) Mstari wa foleni na kona yenye stuli viwekwe, na kadi ya maswali ichapwe. Maneno ya kadi nipo tayari kuyaandika na mfamasia bila malipo.

b) Kila mfanyakazi afundishwe lile jibu moja kwa ndugu, na mazoezi yafanyike kweli, mmoja awe wifi, mmoja awe mhudumu, mpaka litoke bila kigugumizi.

c) Libandikwe tangazo linalosomeka: "Unaweza kuomba kuongea pembeni. Dawa za mteja hatuzielezi kwa mtu mwingine." Likiwepo ukutani mhudumu ana pa kushika ndugu aking'ang'ania.

d) Bahasha zisiandikwe ugonjwa, daftari lishuke kwenye kaunta.

e) Binti yule aombwe radhi. Asipigiwe simu na asifuatwe nyumbani kwa mtu, maana hapo mtamwongezea maneno. Nipeni mimi ujumbe, nitaufikisha akiwa tayari.

Nawapa mwezi mmoja kuanzia leo. Saa nane mchana siku za kawaida foleni yenu huwa ndogo, nikiitwa muda huo nitakuja tupange wapi stuli ikae. Mwezi ukiisha bila jibu nitaandika rasmi Baraza la Famasi, na suala la daftari na picha za wasapu nitalipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nakala nitawapa.

Wenu,
Muuguzi na mteja wenu,
Mbagala.